Makala yatima kwenye tovuti: kisanduku cha "Soma pia", ukurasa kitovu, au kiungo ndani ya aya?

Tuchukue mfano wa tovuti ya ufugaji wa kuku iliyojengwa kwa WordPress, yenye makala 60. Makala moja, ile ya ratiba ya chanjo ya kuku wa kienyeji, ndiyo inayoibeba tovuti nzima. Tovuti nyingine zimeweka viungo vya kuielekea, na kila siku Google inailetea wasomaji. Makala nyingine, ya minyoo ya kuku, imeandikwa vizuri kuliko hiyo, ina vipimo vya dawa na picha za kinyesi cha kuku mgonjwa, lakini haifiki mtu. Ukiingiza anwani yake kwenye URL Inspection ya Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, mstari wa "Referring page" unasema "None detected". Hiyo ni dalili kwamba huenda hakuna ukurasa unaoelekeza pale, ingawa si uthibitisho, kwa sababu mstari huo hauonyeshi kila kiungo. Makala isiyoelekezwa na ukurasa wowote ndiyo makala yatima.

Njia za kuiokoa ambazo watu huzitaja ni tatu. Unaweza kuweka plagini inayozalisha kisanduku cha "Soma pia" chini ya kila makala. Unaweza kujenga ukurasa kitovu, yaani ukurasa mmoja wa magonjwa ya kuku unaoelekeza kwenye makala zote za magonjwa. Au unaweza kufungua makala za zamani moja moja na kuandika kiungo ndani ya aya kwa mkono wako. Watu huzilinganisha kana kwamba tofauti yake ni uvivu na bidii tu. Ukweli ni kwamba kila moja inatatua tatizo lake, na ukikosea tatizo unaweza kujaza viungo tovuti nzima na yatima wako akabaki pale pale.

Yatima kamili na yatima nusu

Yatima kamili hana kiungo hata kimoja ndani ya tovuti. Kwenye WordPress huyu mara nyingi ni ukurasa wa aina ya "Page", kwa sababu kurasa hizo haziingii kwenye kategoria wala kwenye kumbukumbu za makala. Usipouweka kwenye menyu au ndani ya makala, hauna mlango.

Makala za kawaida zina mlango mmoja wa bure, ukurasa wa kategoria, na hapo ndipo anapozaliwa yatima nusu. WordPress ikiachwa ilivyo huonyesha makala 10 kwa ukurasa. Makala 60 zitajaza kurasa 6, na kama muundo wa tovuti yako una kitufe cha "makala za zamani" tu bila namba za kurasa, makala ya kwanza kabisa iko mibofyo 6 kutoka ukurasa wa mwanzo: mitano ya kufika ukurasa wa sita, na mmoja wa kuifungua. Hakuna msomaji anayekwenda huko. Mambo huwa mabaya zaidi pale mtu alipowasha `noindex`, alama inayoizuia Google kuuweka ukurasa kwenye matokeo, kwenye kurasa za kategoria kupitia plagini ya SEO. Google imeshaeleza kwamba ukurasa unaokaa na `noindex` kwa muda mrefu mwishowe huacha kufuatiwa hata viungo vyake. Mlango ulikuwa mmoja, nao umefungwa.

Kuwapata yatima kamili ni hesabu ya kutoa: orodha ya kurasa zote zilizochapishwa, toa orodha ya kurasa zinazofikika kwa kufuata viungo kuanzia ukurasa wa mwanzo. Orodha ya pili unaipata kwa programu ya kutambaa tovuti kama Screaming Frog. Toleo lake la bure linaishia anwani 500, kiasi kinachotosha tovuti ndogo. Hakikisha haisomi ramani ya tovuti, kwa sababu ramani inawataja yatima nao watajificha humo. Ukiwa na WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri, kwenye seva, kazi inaisha kwa amri nne:

```
wp post list --post_type=post,page --post_status=publish --field=url > zote.txt
sort -u zote.txt -o zote.txt
sort -u viungo.txt -o viungo.txt
comm -23 zote.txt viungo.txt
```

Faili la `viungo.txt` ni anwani ulizozitoa kwenye programu ya kutambaa. Yanayobaki kwenye skrini ndiyo majina ya yatima. Yakitoka yote 60, usishtuke: moja ya faili ina `http` na nyingine `https`, au moja ina mkwaju mwishoni mwa anwani na nyingine haina. Sawazisha kwanza, kisha rudia.

Yatima nusu hawaonekani kwa njia hii, kwa sababu kiungo wanacho, ila ni kile cha ukurasa wa sita wa kategoria. Kwa hao, angalia safu ya "Crawl Depth" ya Screaming Frog, inayohesabu mibofyo kutoka mwanzo, na safu ya "Inlinks". Plagini ya Yoast nayo inahesabu viungo vilivyo ndani ya maandishi ya makala tu, kwa hiyo orodha yake ya yatima huwa ndefu kuliko ile ya `comm`. Si kosa la chombo. Kila kimoja kina maana yake ya uyatima.

Uzito unavyogawanyika

Kabla ya kuchagua njia, inabidi tuelewane kuhusu kinachotembea ndani ya kiungo. Larry Page na Sergey Brin, katika makala yao ya 1998 walipokuwa Stanford, waliweka kanuni iitwayo PageRank, kwamba ukurasa hugawa uzito wake sawa kwa sawa kwa viungo vyote vilivyomo, baada ya kupunguzwa kidogo. Kipunguzi walichotumia ni 0.85. Google ya leo inapima mambo mengi mno zaidi ya hilo, lakini yenyewe bado inaitaja PageRank miongoni mwa mifumo yake. Kwa hesabu za mezani kanuni ya zamani inatosha.

Sema makala yetu ya chanjo ina uzito wa 10. Ukihesabu viungo vyote kwenye ukurasa huo, si vya ndani ya maandishi peke yake, unakuta menyu ina 12, safu ya pembeni ina 15, sehemu ya chini kabisa ina 8, na maandishi yenyewe yana 3. Jumla 38. Kila kiungo kinapata 10 × 0.85 ÷ 38, yaani takribani 0.22. Sasa ondoa kwenye safu ya pembeni ile orodha ya miezi na wingu la lebo, vibaki viungo 5, na chini vibaki 3. Jumla inakuwa 23, na kila kiungo kinapata 0.37. Hujaandika hata neno moja, lakini kila kiungo kimeongezewa zaidi ya nusu ya ulichokuwa unakipa. Viungo vya tovuti havina tofauti na viungo vya pilau: bizari ikizidi mdalasini hausikiki.

Mambo mawili yanaikamilisha hesabu hiyo. Google ina hataza, iliyoombwa 2004 na kutolewa 2010, inayoeleza namna ya kukipa kiungo uzito kulingana na uwezekano wa msomaji kukibofya, ambapo mahali kilipo na jinsi kinavyoonekana huzingatiwa. Kwa hiyo kiungo cha katikati ya aya na kile cha sehemu ya chini si lazima vilingane, hata kama karatasi yangu hapo juu imevilinganisha. La pili ni onyo. Wako wanaoweka `nofollow`, alama ya kuiambia Google isikifuate kiungo, kwenye viungo vya "Kuhusu sisi" na "Wasiliana nasi" wakidhani wanaokoa uzito uende kwingine. Matt Cutts wa Google alieleza 2009 kwamba hilo halifanyi kazi: kiungo hicho bado kinahesabiwa katika kugawanya, ila fungu lake linapotea.

Kisanduku cha "Soma pia"

Kivutio chake ni kwamba unakiweka mara moja na kinatokea kwenye makala zote 60. Ubaya wake haujulikani mpaka uhesabu viungo vimekwenda wapi.

Kisanduku cha nafasi 5 kwenye makala 60 kina nafasi 300. Kwa mpangilio wa haki, kila makala ingepata viungo 5. Lakini kama kimewekwa kuonyesha makala 5 za karibuni, hizo 5 zinachukua karibu nafasi zote 300 na nyingine 55 hazipati kitu. Kikiwekwa kuonyesha zinazosomwa sana ni vivyo hivyo, aliye nacho anaongezewa. Ile ya minyoo sasa ina kisanduku chini yake kinachoelekeza kwingine, wakati yenyewe ilikuwa inahitaji kuelekezewa. Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Wanaifungua makala yatima, wanaona viungo vitano vimejipanga vizuri chini, wanasema tatizo limekwisha. Vile ni viungo vinavyotoka, na yatima anaokolewa na vinavyoingia.

Zile plagini za hali ya juu kidogo hulinganisha maneno ya makala ili zichague zinazofanana. Kwa Kiswahili zina kasoro ambayo sijaona ikitajwa na wauzaji wake. Nyingi hutegemea utafutaji wa FULLTEXT wa hifadhidata ya MySQL, na orodha ya maneno ya kupuuzwa inayokuja na MySQL ni ya Kiingereza. Inajua kupuuza maneno madogo ya Waingereza, haijui kupuuza "kwa", "jinsi", "hii" wala "katika". Vifupi vya herufi mbili kama "ya" na "na" huanguka vyenyewe kwa ufupi wao, hayo mengine yanabaki na kuhesabiwa kama maneno yenye maana. Matokeo yake "Jinsi ya kutibu minyoo ya kuku" inaweza kupewa undugu na "Jinsi ya kusajili jina la biashara" kwa sababu ya "jinsi". Wakati huohuo mashine haioni kwamba "kufuga", "ufugaji", "wafugaji" na "anavyofuga" ni ukoo mmoja, kwa kuwa inalinganisha neno zima na haijui mzizi. Lugha yetu hubadilisha neno mwanzoni, na hapo ndipo chombo kinapopotea.

Dawa ipo na ni rahisi: iambie plagini ilinganishe kwa kategoria na lebo, siyo kwa maandishi. Kisha lebo ziwe chache na za makusudi. Lebo "magonjwa" ikiwa kwenye makala 14 ina kazi. Lebo 140 zenye makala mojamoja hazina, na kila moja inazaa ukurasa wake mwembamba.

Angalia pia kama kisanduku chenyewe kinaonekana na roboti. Google hufuata kiungo kilichoandikwa kwa `<a href="...">`. Haibofyi kitufe wala haisogezi ukurasa kama mtu. Kisanduku kinachosubiri msomaji ashuke chini ndipo kipakiwe kinaweza kuwa hakipo kabisa machoni pake. Na kile kinachochagua makala kwa bahati nasibu kila ukurasa unapofunguliwa hakimpi yatima kiungo cha kudumu. Leo yupo, kesho hayupo.

Kisanduku kizuri, kwa maoni yangu, ni kile chenye nafasi 3 au 4, kinachofuata kategoria, na unachoweza kukibatilisha kwa mkono kwenye makala unazozijali. Kinasaidia yatima nusu. Yatima kamili asiye na lebo wala kategoria hakimgusi.

Ukurasa kitovu

Kitovu kinajibu swali la mpangilio. Unakusanya makala 14 za magonjwa, unaandika ukurasa mmoja uitwao "Magonjwa ya kuku", na humo kila makala inapewa sentensi mbili tatu na kiungo. Kitovu kikiwekwa kwenye menyu, kila ukurasa wa tovuti unakielekea, na kila makala ya magonjwa inakuwa mibofyo 2 tu kutoka mwanzo. Ile iliyokuwa mibofyo 6 imesogezwa karibu kwa mpigo mmoja, pamoja na wenzake 13.

Nguvu yote iko kwenye yale maneno "kikiwekwa kwenye menyu". Kitovu hakizalishi uzito, kinaupokea na kuugawa. Kitovu ambacho hakimo kwenye menyu, na kinachoelekezwa na makala mbili tu za zamani, ni kituo cha kulelea yatima kisicho na mfadhili: watoto wana paa lakini hawana chakula. Na menyu haina nafasi nyingi. Tovuti ya makala 60 inaweza kubeba vitovu 4 hivi, vya magonjwa, chakula, vifaranga na masoko, kabla menyu haijawa ndefu na kurudisha lile tatizo la viungo 38.

Hesabu ya mgawanyo nayo ina kikomo chake. Ukurasa wetu uliopunguzwa una viungo 20 vya menyu, pembeni na chini. Kitovu kikiongeza 14 vya watoto, jumla ni 34, kwa hiyo kila mtoto anapata moja ya thelathini na nne ya kinachogawiwa. Wote sawa. Kitovu hakijui kwamba ile ya minyoo ndiyo unayotaka ipande na ile ya ndui imeshatosheka.

Kuna njia ya mkato ninayoipenda kwa tovuti zenye mhariri mmoja: usiandike ukurasa mpya, boresha ukurasa wa kategoria uliopo. Pandisha idadi ya makala kwa ukurasa kutoka 10 hadi 30, andika maelezo ya aya mbili juu yake, ondoa `noindex` kama ipo, kisha uweke kwenye menyu. Unapata kitovu kinachojiongeza chenyewe kila unapochapisha. Hukipi mpangilio wa kielimu kama ukurasa ulioandikwa kwa mkono, ila hutasahau kukisasisha, na kitovu kilichosahaulika miaka miwili ni chanzo kikubwa cha yatima wapya.

Kosa linaloharibu vitovu ni kuandika mno. Kitovu cha magonjwa kinachoeleza minyoo kwa aya nane, na vipimo vya dawa, kinaanza kushindana na makala ya minyoo yenyewe. Utalijua hilo kwenye ripoti ya Performance ya Search Console: chuja kwa swali "minyoo ya kuku", fungua kichupo cha Pages, na utaona anwani mbili zikipokezana, moja wiki hii, nyingine wiki ijayo, na hakuna inayotulia juu. Punguza kitovu, ubaki na sentensi mbili na kiungo.

Kiungo ndani ya aya

Hapa tufuate kisa kizima, kwa sababu ndiyo njia inayogusa chanzo cha tatizo. Makala mpya huzaliwa ikiwajua wakubwa zake: unapoandika kuhusu minyoo unakumbuka kuelekeza kwenye chanjo, kwenye chakula, kwenye banda. Lakini wakubwa waliandikwa kabla na hawaijui. Viungo vinatiririka kutoka mpya kwenda za zamani, na za zamani zinanenepa. Hakuna plagini inayorudi nyuma kwa akili. Anayerudi ni mwandishi.

Hatua ya kwanza ni kujua nani ana cha kugawa. Kwenye Search Console fungua Links, uangalie "Top linked pages" upande wa External links. Hizo ndizo kurasa zinazopokea uzito kutoka nje. Makala ya chanjo iko juu. Hatua ya pili ni kujua nani ameshalitaja jambo lako. Kwenye orodha ya makala ndani ya WordPress, tafuta "minyoo". Tuseme inatokea kwenye makala 9: chanjo, chakula cha vifaranga, banda, kuku wasiotaga na nyinginezo. Usiziguse zote. Chagua 3 ambazo msomaji wake, akifika kwenye sentensi hiyo, angetaka kweli kujua zaidi.

Kwenye makala ya chanjo kuna aya ya kideri. Inaeleza chanjo ya I-2 ya tone la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Sentensi iliyokuwepo ilikuwa: "Hakikisha kuku wako hawana minyoo kabla ya kuchanja." Mtu mvivu angeongeza "bofya hapa kusoma zaidi". Sisi tunaiandika upya hivi: "Kuku mwenye minyoo mingi hujenga kinga hafifu, kwa hiyo wape *dawa ya minyoo kwa kipimo sahihi* wiki moja au mbili kabla ya siku ya chanjo." Maneno yaliyolazwa ndiyo kiungo. Yanamwambia msomaji anakwenda kukuta nini, na yanaiambia Google ukurasa ule unahusu nini. "Bofya hapa" haisemi lolote kwa yeyote kati yao.

Kwenye makala ya kuku wasiotaga, maneno ya kiungo yawe mengine: "dalili za minyoo kwa kuku wa mayai", kwa kuwa msomaji wa pale ana swali jingine. Kwenye chakula cha vifaranga, "minyoo kwa vifaranga". Ukirudia maneno yaleyale matatu kwenye makala zote utaonekana unaandikia roboti, na kusema kweli utakuwa unaandikia roboti.

Sasa linganisha na kisanduku. Makala ya chanjo ilikuwa na viungo 23. Tumeongeza kimoja, 24. Yatima anapata 10 × 0.85 ÷ 24, takribani 0.35, kutoka kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa mwepesi wenye uzito wa 0.5 na viungo 24 humo humo ungempa chini ya 0.02. Ingehitajika kurasa kama hizo karibu 20 kufikia alichopewa na kiungo kimoja cha mahali pazuri. Ndiyo maana swali la "niweke viungo vingapi?" huwa halinisumbui sana. Swali ni vinatoka wapi.

Kikomo cha njia hii ni mikono yako. Makala moja inachukua labda dakika 20 ikiwa unasoma kweli sentensi unazozigusa, na yatima 30 ni saa 10 za kazi. Wengi hapa hushawishika na plagini zinazogeuza kila neno ulilochagua kuwa kiungo. Kwa Kiswahili, ukiipa neno "kuku" na haijawekwa kulinganisha neno zima, itaweka kiungo katikati ya "kukumbuka", "kukuza" na "kukupa". Nimeiona hiyo kwa macho yangu kwenye tovuti niliyokabidhiwa kurekebisha. Ukurasa mmoja ulikuwa umetapakaa rangi ya buluu kama shuka la kitenge, na nusu ya viungo vilikuwa ndani ya vitenzi. Hata ikilinganisha neno zima, "kuku" kwenye tovuti ya kuku iko kila mstari.

Zikiwekwa pamoja

| | Kisanduku | Kitovu | Ndani ya aya |
|---|---|---|---|
| Kazi ya kuanzia | Saa moja | Siku moja kwa kila kitovu | Dakika 20 kwa kila yatima |
| Anayesaidika | Yatima nusu mwenye lebo | Kundi zima la mada moja | Makala moja uliyoichagua |
| Uzito unaofika | Mdogo, umetawanyika | Wa wastani, sawa kwa wote | Mkubwa, ukitoka kwenye ukurasa wenye nguvu |
| Kinachoiharibu | Kuonyesha za karibuni tu | Kukosa nafasi kwenye menyu | Kutorudi kwenye makala za zamani |

Tovuti ya makala chini ya 30 haihitaji kitovu wala plagini. Fanya kwa mkono, ndani ya wikendi mbili utamaliza. Ukifika makala 60 kama mfano wetu, na kuna mada yenye makala zaidi ya 8 hivi, geuza kategoria yake kuwa kitovu kwanza, kwa sababu inawasogeza wengi kwa pamoja, kisha chagua yatima 5 wenye thamani kubwa uwafanyie kazi ya aya. Kisanduku nakiweka cha tatu. Tovuti ya habari yenye makala elfu kadhaa mambo yake ni mengine: hakuna mikono ya kutosha, kwa hiyo kisanduku cha kategoria ndicho kinabeba mzigo, na mkono unabaki kwa makala chache za kudumu ambazo hazizeeki.

Wako pia yatima wa kuachwa. Ukurasa wa "asante kwa kujiandikisha" ni yatima kwa makusudi. Ukurasa wa tangazo la kulipia nao hivyo. Na ile makala ya pili ya minyoo uliyoandika ukiwa umesahau kwamba ya kwanza ipo haistahili kiungo: hamishia kilicho kizuri kwenye ile iliyo bora, kisha ielekeze hii ya pili kwenye hiyo kwa `301`, yaani uelekezaji wa kudumu. Yatima wawili wa mada moja ukiwaokoa wote watagombania sahani moja.

Baada ya kuweka viungo, kuna jambo dogo ambalo wengi hulikosea. Wanakwenda kuomba Google isome upya makala ya minyoo. Kiungo hakiko pale, kiko kwenye makala ya chanjo, na mpaka Google iisome hiyo upya haina habari ya mabadiliko. Kwa hiyo bonyeza "Request indexing" kwenye makala iliyobeba kiungo, na ya yatima uifanye baadaye. Kisha subiri, mara nyingi siku hadi wiki kadhaa. Dalili ya kwanza haitakuwa wasomaji. Mara nyingi itakuwa ule mstari wa "Referring page" kubadilika kutoka "None detected" na kuonyesha anwani ya makala ya chanjo. Kama ukurasa ulikuwa kwenye kundi la "Discovered – currently not indexed", utauona ukitoka humo. Ukisomwa na kuhamia "Crawled – currently not indexed" badala ya kuingia kwenye faharasa, viungo vimeshafanya kazi yao. Google imefika, imesoma, na haikushawishika. Hapo rudi kwenye makala yenyewe.